Namna ya kulikimbia grupu na kubaki mkubwa

Kama wewe ndiye mwenye grupu la WhatsApp la habari za barabara hapa Rumangabo, raha yako naijua. Asubuhi, kabla gari la kwanza halijatoka Rutshuru, watu wanafungua simu waone umesema nini. Ukipita sokoni unaitwa Admini, na jina hilo limekupanda kichwani kidogo. Silikatazi. Mtu anayewaambia wenzake kama njia ya Goma iko wazi anastahili kusalimiwa kwanza.

Ninachotaka kukufundisha ni ujanja mmoja: kuwatoa watu wako wote ndani ya grupu bila hata mmoja kujiona amefukuzwa, kuwapeleka kwenye chaneli, na wewe kubaki na ukubwa wako, pengine na nyongeza. Kaa karibu, yaya, tuyaseme kwa sauti ya chini.

1. Angalia kwanza unachokigawa

Fungua grupu lako, gusa jina lake pale juu, kisha shuka hadi kwenye orodha ya watu. Uliowahifadhi wanaonekana kwa majina uliyowapa. Usiowahifadhi wanaonekana kwa namba kamili, inayoanza na +243, na pembeni kuna kialama cha wimbi kikifuatiwa na jina ambalo mtu alijiandikia mwenyewe: ~Maman Furaha, ~Papa Jeremie Makala. Gusa mmoja, picha yake inafunguka, kwa sababu watu wengi hawajawahi kubadilisha mpangilio wa kuonyesha picha kwa kila mtu. Mwingine yuko na watoto mlangoni kwake. Mwingine amevaa sare ya kazi.

Sasa shika hili: unachokiona wewe admini, kila mwanachama anakiona. Motari wa Rugari aliyeingia jana jioni kwa linki uliyoitupa kwenye grupu la kanisa anaona namba zote, tuseme 300, sawa na wewe. Haombi ruhusa kwa mtu. Anapiga picha za skrini kadhaa, orodha nzima iko kwake. Na wala si lazima awe yeye mwenye nia mbaya. Inatosha simu yake iwe mkononi mwa mtu mwingine kwa muda mfupi, kwenye bariera.

Kuna na kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Mtu amezima alama za bluu kwenye simu yake, anajiona amejificha. Ndani ya grupu kuzima huko hakufanyi kazi. Tuma ujumbe, ubonyeze kwa muda, fungua maelezo yake. Kama simu yako iko kwa Kifaransa utaona palipoandikwa "Lu par", na chini yake majina ya waliosoma pamoja na saa. Kwa hiyo mwanachama yeyote akiandika "njia ya Kibumba imefungwa" anaweza kujua nani alikuwa macho saa tisa za usiku na nani alisoma akanyamaza. Hiyo haiishii kwa admini. Kila aliyetuma ujumbe anaona waliousoma ujumbe wake.

Na anayetoka? Tangu 2022 mtu anaweza kutoka kimyakimya, tangazo likawafikia maadmini tu. Lakini jina lake linakaa kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60, na walio ndani wanaweza kuifungua. Kuondoka kwenyewe kumeandikwa.

2. Ikumbuke kambi

Haya nisingeyakazia hivi kama tungekuwa mahali pengine. Lakini wewe uko Rumangabo, chini ya kambi ya jeshi, karibu kilomita 50 kutoka Goma kwa barabara ya taifa namba 2. Kambi hii imebadilisha mikono mara nyingi kuliko duka la kona. Oktoba 2008 iliingiwa na CNDP. Julai 2012 ikachukuliwa na M23. Mwishoni mwa Oktoba 2013 jeshi la serikali likairudisha. Mwishoni mwa Oktoba 2022 ikarudi tena kwa M23, na Januari 2023 pakafanywa sherehe ya kuikabidhi kwa kikosi cha Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye, Januari 2025, Goma yenyewe ikaanguka.

Mtu aliyeingia grupu lako akiwa chini ya mamlaka moja aliandika namba yake mbele ya majirani wa siku hiyo. Mamlaka ikibadilika, orodha haijifuti. Iko vilevile kwenye simu 300, inamsubiri msomaji mpya. Yeye ataiangalia kwa macho yake: nani yuko pamoja na nani, nani alisema malori yanapanda kutoka wapi, nani alijibu kwa kidole gumba. Mama aliyeingia kwa ajili ya bei ya maharage anajikuta kwenye ukurasa mmoja na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Ndiyo maana nakusukuma. Habari ya barabara inahitajika, na hakuna sababu mtu ailipie kwa kumpa kila mpita njia namba yake.

3. Usikubali njia ya mkato iliyo mbovu

Njia za mkato nazipenda, ila hii ya kwanza inadanganya. Utashauriwa: "Funga grupu, admini peke yake aandike." WhatsApp inaruhusu hilo tangu 2018, na kwenye mipangilio ya grupu ni kugusa mara moja. Skrini inatulia, salamu za asubuhi na picha za malaika zinakoma, unajiona umefungua redio. Ukishuka kwenye orodha, watu wote bado wako pale na namba zao. Umewanyima sauti ukawaachia uchi. Hasara mbili kwa mpigo.

Njia ya pili ni orodha ya utumaji, ile ambayo ujumbe mmoja unamfikia kila mtu kana kwamba umemwandikia peke yake. Hii ina adabu zaidi, kwa sababu wapokeaji hawaonani kabisa. Lakini ina milango miwili myembamba. Orodha moja haizidi watu 256. Na ujumbe haumfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako kwenye simu yake, kwa hiyo ni lazima kila mmoja awe nayo, ikiwa na jina lako juu. Kwa familia, kwa wakina mama wa likelemba, kwa wazazi wa darasa moja, itumie na usitafute kingine. Kwa barabara nzima kuanzia Kibati hadi Kiwanja, haitoshi, tena inakuweka wewe wazi mno.

4. Fungua chaneli

Chaneli za WhatsApp zilianza Juni 2023 huko Kolombia na Singapuri, na Septemba mwaka huohuo zikafunguliwa katika nchi zaidi ya 150. Huhitaji ofisi wala muhuri. Nenda kwenye kichupo cha habari mpya (kwa Kifaransa kimeandikwa "Actus"), gusa alama ya kuongeza, chagua kuunda chaneli, weka jina, weka picha, maliza. Ukiwa na mega kidogo na rezo haijakatika, chai yako haitapoa.

Sasa tazama tofauti kwa upande wa mfuasi. Akifungua chaneli yako anaona jina, picha, machapisho yako, na idadi ya wafuasi. Idadi tu. Hakuna orodha ya kushuka. Hajui kama jirani yake anafuata, na jirani hajui kama yeye anafuata. Akiweka emoji kwenye chapisho, wengine wanaona emoji hiyo imewekwa mara ngapi; hawaoni nani kaiweka. Ukiuliza swali la kura, wanaona hesabu ya kila jibu. Mtu aliyesoma na mtu aliyepita bila kusoma wanafanana mbele ya wenzao.

Wewe admini unaona kidogo zaidi, na wajibu wako ni kuwaambia watu hivyo bila kuficha. Unaweza kuona wafuasi kwa jina walilojiandikia kwenye profaili, na picha kama wameruhusu. Namba ya simu unaiona kwa yule tu ambaye tayari ulikuwa umemhifadhi. Kwa hiyo mfuasi mwenye wasiwasi abadilishe jina la profaili liwe herufi moja, na picha aiachie watu wa kwake. Mfundishe hilo kabla hajauliza.

Na wewe? Namba yako haionyeshwi kwa wafuasi. Hapa ndipo ukubwa wako unapopata nyongeza niliyokuahidi. Kwenye grupu kuna dari, watu 1024, na kila mmoja anaweza kukupigia usiku wa manane. Kwenye chaneli dari hiyo haipo, na hakuna wa kukupigia. Rumangabo hii inajua maana ya kuonekana na watu usiowaona. Aprili 2019 mlinzi wa Hifadhi ya Virunga, Mathieu Shamavu, alijipiga selfie hapahapa, na nyuma yake masokwe wawili yatima wa kituo cha Senkwekwe wamesimama wima kama watu. Picha ilizunguka dunia nzima. Walioitazama hawakuhitaji kujuana, wala yeye hakuhitaji namba zao.

Ukipenda Telegram, chaneli zake zina umri mkubwa zaidi, tangu 2015, na wafuasi vilevile hawaonani. Ila jihadhari na kitufe cha maoni. Ukikiwasha, maoni yanakwenda kwenye grupu lililofungwa na chaneli hiyo, na anayeandika humo anaonekana kwa jina lake. Umejenga ukuta, kisha ukatoboa mlango.

5. Usijianike mwenyewe

Programu inaficha namba yako. Kinachobaki kukuanika ni majivuno. Namna tatu zinatosha kukumaliza, na zote ni tamu.

Ya kwanza ni kutuma linki ya chaneli kwa namba yako mwenyewe kwenye magrupu kumi, ukiandika "karibuni kwenye chaneli yangu". Ya pili ni sauti. Chaneli inaruhusu ujumbe wa sauti tangu mwanzoni mwa 2024, na sauti yako inajulikana kuanzia Rugari hadi Rubare. Neno la kwanza tu, watu wamekutaja. Andika. Ya tatu ni picha. Ukipiga picha ya lori lililokwama kutokea dirishani kwako, anayejua mlima na mti ulio mbele ya nyumba anajua umesimama wapi. Piga ukiwa barabarani, au eleza kwa maneno.

Alika mtu mmoja au wawili wawe maadmini pamoja nawe, ili siku ukiwa huna rezo habari isilale. Wachague kwa kunyamaza kwao. Mwenye kujua kusimulia sana mchukue awe rafiki, asiwe admini.

6. Wahamishe polepole

Tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Grupu lako linaitwa "Njia Yetu", lina watu 312. Ukiandika siku moja "grupu linafungwa, nendeni chaneli", nusu watakasirika, robo hawataelewa, na watakaobaki watafungua grupu lao la hasira, lenye orodha ileile. Kwa hiyo usitangaze kifo.

Anza kwa kuchapisha kwenye chaneli robo saa kabla ya kuchapisha kwenye grupu. Habari ileile, maneno yaleyale: "Saa 12:40 asubuhi. Kibumba: magari yanapita upande mmoja. Rugari hadi Rumangabo: hakuna tatizo. Habari inayofuata saa 3." Kwenye grupu, chini ya habari, weka linki na useme tu kwamba huko inafika mapema. Binadamu hapendi kuambiwa baada ya mwenzake. Dereva mmoja akichelewa kwa robo saa hiyo, akawahiwa abiria na dereva mwenye chaneli, kesho yake amefuata bila hotuba.

Baadaye grupu lipe muhtasari tu: "Njia imebadilika, maelezo kwenye chaneli." Hapo wavivu wanahama. Watakaobaki wataanza kukuuliza maswali ambayo jibu lake liko kwenye chaneli, na wewe jibu kwa linki, kwa upole, kila mara. Usimwaibishe mtu. Mwenye simu ndogo isiyo na nafasi msaidie kufuta video za zamani kwanza, maana bila kusasisha programu hiyo chaneli hataiona.

Chaneli ikishafika wafuasi wanaokaribia idadi ya grupu, grupu limebaki ganda. Katikati ya safari hii utaona jambo la kukupendeza: kwenye chaneli emoji zinakuwa nyingi kuliko zilivyokuwa kwenye grupu. Watu waliokuwa wanaogopa kuonekana wamejibu, sasa wanajibu.

7. Jitafutie masikio

Chaneli ina kasoro moja kubwa, na nakuambia mapema usije ukaniita mwongo. Haisikii. Kwenye grupu, motari aliyeona daraja limeliwa na mvua aliandika palepale na watu 300 wakageuza njia. Kwenye chaneli, motari huyo anaweza kuweka emoji ya huzuni, basi.

Kwa hiyo tafuta watu wachache wa kukuambia, mmoja kila kituo: mama anayeuza viazi Kibumba, kijana wa pikipiki Rugari, mtu wa Rubare. Watano au sita wanatosha. Usiwaweke kwenye grupu moja! Hilo ndilo kosa tunalolikimbia, na hapa lingekuwa baya zaidi, maana ingekuwa orodha ya wanaotoa habari. Zungumza na kila mmoja peke yake, kwenye mazungumzo yenu wawili, na uwashe ujumbe wa kutoweka baada ya saa 24. Mmoja asijue mwenzake ni nani.

Kabla hujachapisha, ngoja watu wawili wasiokaa pamoja waseme jambo lilelile. Wakitofautiana, chapisha kile kidogo wanachokubaliana. Ukikosea, hariri chapisho na uandike saa ya marekebisho. Chaneli inakubali kuhariri. Ila kumbuka kwamba aliyekwisha kulipiga picha ya skrini anabaki na lile la zamani.

Na chapisha njia, usichapishe watu. "Barabara haipitiki kati ya Kibumba na Rugari" inamtosha dereva. Nani amesimama hapo, wangapi, wana nini, hayo dereva hayahitaji, na chaneli ni uwanja wa wazi: yeyote anaweza kuitafuta na kuisoma, hata bila kuifuata. Ujumbe wa grupu umefungwa kwa siri kutoka simu hadi simu. Wa chaneli haujafungwa hivyo. Andika kila neno ukijua kwamba pande zote zinakusoma, kwa sababu ndivyo ilivyo.

8. Mahali ambapo pazia linaishia

Chaneli inamficha mfuasi kwa mfuasi mwenzake. Haimfichi kwa mtu aliyeshika simu yake. Akifunguliwa simu kwenye bariera, chaneli anazozifuata ziko pale kwenye kichupo, na jina la chaneli yako juu. Kwa hiyo jina la chaneli liwe la kuchosha: "Njia na Bei", "Usafiri RN2". Jina lenye kishindo, lenye neno kama ukombozi au upinzani, linakupa sifa kwa wiki moja na linampa mfuasi wako shida kwa miaka. Aliyepokea chapisho kutoka kwako akalisambaza naye aelewe: linakwenda likiwa na jina la chaneli na njia ya kurudi kwake, na kule linakotua, yeye aliyelituma anaonekana.

Pia kuna suala la udogo. Chaneli yenye wafuasi 9 katika kijiji haifichi kitu. Idadi ikipanda kutoka 9 hadi 10 jioni ileile ambayo fundi wa simu amenunua simu mpya, kila mtu amejua. Emoji moja chini ya chapisho ni sawa na sahihi. Ndiyo sababu nakuambia uwavute wengi kwanza kwa mambo ya kawaida, bei ya ndoo ya maharage, mvua, umeme umekatika wapi, ndipo anayekuja kwa ajili ya barabara apotee katikati yao. Na wewe ndiye wa kwanza kufaidi, kwa kuwa hesabu ile inayoonekana juu inakuwa kubwa, na najua utaiangalia kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

9. Lizike grupu kwa utaratibu

Hapa wengi wanaharibu. Wamechoka, wanabonyeza kutoka, wanadhani wamemaliza. Admini wa pekee akitoka, WhatsApp inamteua mwanachama mwingine kuwa admini, na orodha yote ya watu 312 sasa ina mwenyeji mpya ambaye hukumchagua. Wewe utoke wa mwisho.

Kwanza badilisha linki ya mwaliko, ile ya zamani ife, asije mtu akaingia wakati unatoa wengine. Kisha waandikie watu ujumbe wa mwisho wenye mambo matatu: linki ya chaneli, shukrani, na ombi kwamba kila mmoja afute mazungumzo ya grupu kwenye simu yake. Wape usiku mmoja wausome. Angalia "Lu par". Kwa mara hii moja ina kazi njema. Wale ambao hawajausoma watafute kwa simu, hasa wazee.

Halafu kaa chini, uwe na muda na betri iliyojaa, utoe watu wote kwa mkao mmoja. Ukiwatoa kidogokidogo kwa wiki nzima, waliobaki wanaweza kufungua ile orodha ya siku 60 na kuwaona waliotangulia, na maneno yataanza: kwa nini fulani katolewa kabla ya fulani, admini ana neno na familia ile? Anza na wale ambao kazi zao zinawaweka hatarini zaidi, walinzi wa hifadhi, walimu, watu wa afya, watu wa ofisi ya chefu. Endelea na wengine wote. Maadmini wenzako wawe wa mwisho kabla yako.

Ukibaki peke yako, hakikisha orodha ina jina moja tu. Toka, kisha ufute grupu kwenye simu yako. Kilichobaki ni mazungumzo ya zamani kwenye simu za wale ambao hawakufuta, pamoja na namba za walioandika humo. Hayo huwezi kuyafikia kutoka kwako. Kwa hao, kwa wiki kadhaa, weka chini ya habari ya asubuhi kwenye chaneli mstari mmoja: "Kama bado una grupu la Njia Yetu kwenye simu, lifute leo."